Usiku wa Kutuma CV: Mafunzo Niliyopata

Ndugu na majirani huniletea CV zao nizipitie usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya maombi. Saa hizo hakuna tena nafasi ya kupanga upya maelezo. Kilichobaki ni ukaguzi. Nitatumia CV ya mpwa wangu, mtunza stoo aliyekuwa akiomba kazi Mwanza, kwa sababu ilikuwa na karibu kila kosa.

1. Nyakati za vitenzi zisomwe pamoja na tarehe

Alikuwa na CV ileile ya zamani, akiiongezea kipande kila anapohama kazi. Kazi ya sasa iliandikwa sawa: "Ninapokea mizigo na kuhakiki stoo kila mwisho wa mwezi." Lakini ile ya chini yake, aliyoiacha Juni 2023, bado ilisema "Ninasimamia vibarua sita", na kipindi chake kilisomeka "Machi 2021 hadi sasa". Ukizisoma sentensi hizo moja moja, zote ni sahihi, na ndiyo maana jicho huzipita.

Basi siku hizi sitegemei jicho. Ninabonyeza Ctrl+F na kutafuta "hadi sasa". Ikijitokeza mara mbili kwa mtu mwenye kazi moja, kuna kazi ambayo haijafungwa. Halafu natafuta "nina". Kila inapotokea iwe chini ya kazi ya sasa. Kinyume chake si lazima: hata ndani ya kazi ya sasa, jambo lililokwisha huandikwa kwa "nili", kama "Nilihamisha daftari la stoo kwenda Excel". CV ya Kiingereza nayo hukaguliwa kwa kanuni hiyohiyo.

2. Mwezi uandikwe kwa jina

Ukiandika 03/04/2021, Mtanzania anasoma tarehe 3 Aprili, Mmarekani anasoma 4 Machi. Kwa historia ya kazi, siku haina kazi. Mwezi na mwaka vinatosha: "Machi 2021 hadi Juni 2023". Mwaka peke yake hautoshi. "2022–2023" yaweza kuwa miezi miwili au ishirini na minne, na msomaji mwenye shaka atachagua miwili.

3. Namba ya simu haisomwi, inapigwa

Mpwa wangu alikuwa ameandika +255 kisha akaiacha sifuri ya mwanzo palepale. Ukiweka +255, sifuri hiyo huondoka na zinabaki tarakimu tisa. Nikamwambia aipige namba kama ilivyo kwenye karatasi, kwa simu yangu, tarakimu moja baada ya nyingine. Namba za wadhamini zikaguliwe hivyohivyo, na kabla ya hapo waulizwe kama bado wanazitumia.

Barua pepe ina mtego wake. Ukibadilisha maandishi ya anwani ndani ya Word, kiungo kilichojificha chini yake chaweza kubaki kile cha zamani. Macho yanaona anwani mpya, lakini anayeibofya anaandikia sanduku ulilolisahau. Kibofye mwenyewe, ujitumie ujumbe, uone kama unafika.

4. Kinachosahihishwa mwisho ni PDF

Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti uliyotumia, kompyuta huweka nyingine na mistari inahama. PDF inazuia hilo, ila ikitengenezwa vibaya inahifadhi makosa mapya. Katika Word ninatumia File > Save As na kuchagua PDF. Njia ya Microsoft Print to PDF naiepuka, maana viungo havibofyeki tena.

Kabla ya kuhifadhi naangalia ukubwa wa karatasi. CV ya mpwa wangu ilijengwa juu ya kiolezo cha Letter, ambacho ni kifupi kuliko A4 kwa karibu milimita 18, na mdhamini wa tatu alikuwa amesukumwa peke yake ukurasa wa pili. Tulipobadili kuwa A4 akarudi kwa wenzake.

PDF ikishatoka naifungua kwenye simu, kisha kwenye kompyuta ninachagua maandishi yote, nayanakili na kuyabandika Notepad. Kisipobandikika kitu, hiyo ni picha ya karatasi, na mifumo inayochambua maombi itapata tabu kuisoma. Yakija yamechanganyika, tarehe za kazi moja zikiwa chini ya nyingine, mara nyingi mpangilio wa safu mbili ndio wa kulaumiwa.

Mwisho naifungua kwenye kivinjari na kutazama juu ya kichupo. Wakati mwingine pale husomeka kichwa cha kiolezo, au jina la rafiki uliyeazima CV yake. Hufutwa kwenye File > Info, sehemu ya Title, kisha PDF inatengenezwa upya.

5. Jina la faili ni la mpokeaji

"CV mpya final 2" lina maana kwako tu. Yeye ana folda nzima ya faili zinazoitwa CV. Jina, ukoo na nafasi vinatosha: `Jina_Ukoo_Mtunza_Stoo.pdf`. Kama tangazo limetaja namba ya kumbukumbu, iongezwe, lakini alama ya mkwaju haikubaliki kwenye jina la faili la Windows, hivyo weka kistari. Na ukiona "(1)" mwishoni mwa jina, faili limepakuliwa mara mbili: fungua yote mawili kwanza, ujue lipi ndilo lililosahihishwa.