Video ya mwanao ikiomba pesa

Mzazi wa Utange, mwanao yuko Doha. Kwenye WhatsApp inaingia video kwa namba ngeni: uso wake, sauti yake, amekamatwa, anataka shilingi 30,000 sasa hivi. Usijibu hapo. Piga namba yake ya siku zote. Asipopatikana, mpigie anayeishi naye.

Midomo isiyokwenda na maneno ni dalili, lakini video iliyotengenezwa vizuri haina kasoro hiyo. Macho hayatoshi. Namba hiyo ngeni ikikupigia, muulize jambo la nyumbani lisilowahi kuwekwa Facebook, mfano nani alimpeleka chuoni siku ya kwanza. Tapeli huenda akaanza kulia au akakata simu.

M-Pesa huonyesha jina la mpokeaji kabla ya muamala kukamilika, lisome. Umeshatuma? Peleka ujumbe wa M-Pesa kwa 456 papo hapo, kabla tapeli hajazitoa pesa kwa wakala.