Fomu ya iTax ikikataliwa, tazama tarehe

Ndugu Wakenya mlioko Darsait, ritani ya mwaka inafungwa 30 Juni. Ukibonyeza `Validate` na fomu ya Excel ikakataa, angalia tarehe kwanza. Fomu inataka siku, mwezi, kisha mwaka. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani huanza na mwezi: 01/01/2024 inapita, 31/12/2024 inakataliwa, maana hakuna mwezi wa 31. Kuiandika upya hakusaidii. Funga Excel, ingia `Region` kwenye mipangilio ya kompyuta, chagua `dd/MM/yyyy`, ufungue fomu tena na ubonyeze `Enable Content`. Ikikubali itatoa faili la zipu. Lipakie bila kubadilisha jina lake. Saa sita usiku Nairobi ni saa saba Maskati, lakini usiingoje: siku hiyo mtandao huelemewa.