Usiiulize skrini: vidokezo vya kupima mwanga na rangi pale Wagenia

Simama juu ya mawe ya Wagenia, Kisangani, saa sita mchana. Mbele ya lenzi yako kuna mambo matatu yasiyopatana: povu jeupe la mto, mawingu meupe, na mvuvi mwenye ngozi nyeusi aliyepanda juu ya miti kukagua migono yake. Mji uko karibu nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, kwa hiyo jua linampiga utosini. Paji la uso linang'aa, macho yanabaki kwenye kivuli. Hapo jicho na skrini havitoshi. Kuna grafu tatu za kukusaidia, na zote zimo kwenye DaVinci Resolve, hata toleo lake la bure.

1. Fahamu skrini inavyokupotosha

Ukiwa juani, skrini yoyote inaonekana ya giza, nawe unafungua lenzi kupita kiasi. Usiku, ndani ya chumba chenye giza, picha ileile inaonekana imejaa mwanga, nawe unaipunguza. Umeme ukikatika, kompyuta nyingi zinapunguza mwanga wa skrini ili kulinda betri, na unaanza tena kuongeza. Faili yenyewe haijabadilika muda huo wote. Grafu zinasoma namba zilizomo ndani ya faili, kwa hiyo zitakupa jibu moja saa sita mchana na saa sita usiku.

2. Histogramu ni kengele tu

Histogramu inahesabu nukta za picha: za giza zinapangwa kushoto, za mwanga kulia, na pale zilipo nyingi grafu inapanda. Kamera karibu zote zinayo. Ukiona mlima umebanwa kwenye ukuta wa kulia, ujue kuna kitu kimeungua, yaani kimekuwa cheupe kabisa na hakuna maelezo ya kurudisha.

Kitu gani? Hilo haisemi. Ikiwa ni kipande cha wingu, endelea na kazi. Ikiwa ni paji la uso la mvuvi, simama. Histogramu inachora hali hizo mbili kwa namna inayofanana sana, ndiyo maana sikubali mtu aamue mwanga wa uso kwa grafu hii peke yake.

3. Mawimbi yanakuonyesha mahali

Grafu inayoandikwa Waveform inafuata picha kutoka kushoto kwenda kulia. Kilichoko kushoto mwa picha kinaonekana kushoto mwa grafu. Urefu wa kwenda juu ni mwanga: 0 ni nyeusi tupu, 100 ni nyeupe ya mwisho. Kwenye Resolve unaweza kukuta kipimo kinafika 1023. Maana ni ileile, 512 ni kama 50.

Tuchukue picha moja. Mvuvi yuko katikati, povu liko kushoto, mbingu iko nyuma yake. Mawimbi yanaonyesha povu likifika 80, mbingu imekuwa mstari mnene ulionyooka pale 100, na shavu la mvuvi liko 20. Kwenye skrini ya kamera, chini ya kivuli cha kofia yako, picha hiyo inaweza kuonekana nzuri kabisa. Namba zinakataa: kwa 20, uso utapoteza umbo, na ukija kuuongezea mwanga kwenye kompyuta utajaa chenga.

Tunataka shavu lifike karibu 38. Kwa picha ya kawaida, isiyo ya logi, hiyo ni kama stopu moja na nusu, yaani mwanga wa karibu mara tatu. Ukiufungulia lenzi wote, povu litaungua na kuwa doa jeupe lisilo na matone, na kingo za migono zitapotelea humo. Kwa hiyo gawanya kazi. Kwanza sogea, mpaka nyuma ya mvuvi kuwe na miti ya ng'ambo badala ya mbingu. Mstari wa 100 utapungua papo hapo. Kisha mwenzako ashike shuka nyeupe karibu na mvuvi, chini kidogo ya usawa wa uso, irudishe mwanga wa jua. Ikikaa vizuri inaweza kukupa stopu nzima, na macho yatatoka kwenye kivuli. Sasa fungua lenzi nusu stopu tu. Shavu linafika pale ulipotaka, povu linapanda hadi karibu 95, na matone bado yanaonekana.

Ikiwa mvuvi yuko mbali, katikati ya maji ya kasi, shuka haitamfikia. Hapo subiri jua lishuke, au kubali asomeke kama kivuli mbele ya povu.

4. Sahau ile 70

Mafunzo mengi yatakwambia uweke ngozi kwenye 70. Namba hiyo inafaa ngozi ya mzungu. Upendeleo wa aina hiyo ni wa zamani: kadi za Shirley, ambazo Kodak ilizisambaza kwenye maabara ili kusawazisha rangi, kwa miongo mingi zilimwonyesha mwanamke mweupe peke yake. Ukimpeleka mvuvi wa Wagenia hadi 70, umemfanya mtu mwingine, na povu umelichoma. Kwa ngozi nyeusi mimi huanza na shavu kati ya 35 na 45, mng'ao wa paji la uso ukiruhusiwa kufika 60 au 70. Ni pa kuanzia tu. Watu hawafanani, na picha ya jioni haina sababu ya kung'aa kama ya mchana.

5. Kwa rangi, fungua vektaskopu

Grafu ya duara iitwayo Vectorscope haijali mwanga hata kidogo. Katikati ni kisichokuwa na rangi: kijivu, nyeupe, nyeusi. Kadiri alama zinavyotoka kwenda ukingoni, rangi inazidi kukolea, na upande zinakoelekea ndio rangi yenyewe. Washa Show Skin Tone Indicator. Utaona mstari ulio kati ya nyekundu na njano, ukielekea karibu na namba 11 ya saa ya ukutani. Ngozi ya mzungu na ya Mwafrika zote huangukia jirani ya mstari huo, kwa sababu damu iliyo chini ya ngozi ni ileile. Weusi na weupe hupimwa kwenye mawimbi.

Kuza picha kwanza hadi shavu lijaze fremu, la sivyo majani na maji yatakuchanganya. Ukimpiga mtu sokoni chini ya bashi ya bluu, ngozi itasogea kuelekea katikati na kuonekana ya kijivu. Chini ya miti, majani huirudishia kijani, na alama zinapita njano. Rekebisha Temp na Tint taratibu hadi zirudi. Lakini jua la magharibi likimpaka mtu rangi ya chungwa, usimlazimishe kwenye mstari. Rangi hiyo ndiyo uliyoifuata.

6. Mwisho, chungulia nyekundu

Ngozi yetu ina nyekundu nyingi, na jasho juani linaizidisha. Mawimbi ya mwanga wa jumla yanaweza kusema paji la uso liko 85, salama, huku nyekundu peke yake imeshagonga 100. Dalili yake ni doa la njano lililo bapa katikati ya mng'ao. Badili grafu iwe Parade, inayotenga nyekundu, kijani na bluu. Ukiona nyekundu imekatwa bapa juu, funga lenzi robo au nusu stopu ukiwa bado pale kwenye mawe, au mpe mvuvi kitambaa apanguse uso, kisha pima tena.