Kabla hujafunga hesabu ya mwezi: kisa cha 80,000 za Biharamulo

Somo la leo ni la wale tunaouza mtandaoni na kuandika mauzo kwenye Google Sheets, halafu mwisho wa mwezi tunajumlisha tu na kusema "hii ndiyo ripoti." Mimi nilifanya hivyo mwezi Mei, nikakaribia kumwita wifi yangu mwizi.

Niko Ngara mjini, nauza vitenge kwa WhatsApp. Pisi moja ni 20,000, bei haipungui. Wifi yangu yuko Biharamulo, namtumia mzigo kwa basi, anauza huko na vijiji vya barabarani kama Nyakahura. Akiuza anaandika kwenye daftari, anapiga picha ukurasa na kunitumia, mimi nanakili kwenye simu. Pesa anakusanya yeye, kisha ananitumia.

Tarehe 1 Juni asubuhi nikafungua faili la Biharamulo. Mistari 24, yaani mstari wa 2 mpaka wa 25, kila mstari pisi moja. Nikajumlisha, ikaja 440,000. Pesa niliyopokea kwake ilikuwa 360,000. Pengo 80,000, sawa na vitenge vinne. Nikampigia. Akanijibu kwa upole tu: "Wifi, kila shilingi niliyoshika nimekutumia. Kuna wawili wa Nyakahura sijakutumia bado, picha na pesa zao nakutumia keshokutwa. Hebu angalia vizuri hayo maandishi yako." Nikakata simu nimenuna. Ila nikaangalia.

Kwanza nieleze faili lilivyo, ili formula zikae sawa. A ni tarehe ya kuuza, B tarehe niliyoandika, C mteja, D idadi ya pisi, E jumla ya pesa, F malipo (namba ya muamala, au neno KESHI, au neno MKOPO).

1. Vilivyokosekana

Nikaweka formula hizi pembeni:

```
=COUNTBLANK(E2:E25)
=COUNTA(E2:E25)-COUNT(E2:E25)
=COUNTBLANK(F2:F25)
```

Ya kwanza inahesabu nafasi tupu kwenye pesa. Ikaleta 1. Ya pili wengi hatuijui, na ndiyo hatari zaidi: inahesabu nafasi ambazo zina kitu ndani lakini kitu chenyewe si namba. Nayo ikaleta 1. Kumbe siku moja nilikuwa na haraka nikaandika "20k". Wewe ukiiona unaelewa ni elfu ishirini, lakini SUM inaiona ni neno, inairuka, na haikwambii kitu. Hata "20,000/=" inarukwa hivyohivyo. Dalili yake ni kwamba namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku na neno hukaa kushoto, kama hujabadilisha mpangilio.

Ya tatu ikaleta 2. Mstari mmoja ni uleule usio na pesa, na mwingine una pesa ila hauna namba ya muamala.

Sasa hapa usijaze kwa kukisia. Kila nafasi tupu ina historia yake, kaitafute. Ule mstari usio na pesa nilimuuliza wifi kwa meseji: ni mama mmoja alikopa kitenge, atalipa Juni. Kwa hiyo mauzo ni 20,000, malipo ni MKOPO. Ningeweka sifuri ningekuwa nasema nimegawa bure, na kuacha patupu ni kusema sijui. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Namba ya muamala iliyokosekana alinitumia kutoka kwenye meseji zake, nikaijaza. Ukitafuta ukakosa, andika HAIJULIKANI na uitaje hivyo kwenye ripoti.

Baada ya kujaza nikajumlisha tena. Badala ya pengo kupungua likaongezeka! Jumla ikawa 480,000, pengo 120,000. Aisee, hapo nilikaribia kupiga simu mara ya pili.

2. Vilivyojirudia

Nikaweka hii kwenye G2 na kuivuta mpaka chini:

```
=COUNTIF($F$2:$F$25,F2)
```

Inakwambia kila namba ya muamala imetokea mara ngapi. Muamala mmoja una namba moja, kwa hiyo ukiona 2 kuna mstari wa kukagua. Miamala minne ilitokea mara mbili.

Ilikuwaje? Siku moja katikati ya mwezi mtandao ulisumbua, wifi akadhani picha haijafika, akaituma tena kesho yake. Mimi nikanakili zote mbili. Mitatu ilitoka hapo. Wa nne ni ule mstari uliokuwa hauna namba: mara ya kwanza picha ilikuwa na ukungu, sikuisoma namba, mara ya pili nikaisoma. Angalia jambo hili: kabla sijajaza ile namba, COUNTIF isingeuona kamwe. Ndiyo maana unajaza kwanza, halafu ndiyo unatafuta vilivyojirudia.

COUNTIF haikusaidii kwa keshi, maana mistari yote ya keshi imeandikwa KESHI na yote itaonekana imejirudia. Kwa keshi nilitumia hii kwenye H2:

```
=COUNTIFS($A$2:$A$25,A2,$E$2:$E$25,E2,$F$2:$F$25,"KESHI")
```

Hii inatafuta keshi za siku moja zenye pesa sawa. Zilizotoka 2 unazisoma kwa macho yako. Nikakuta "mama duka stendi" na "mama wa duka la stendi," tarehe moja, pesa moja. Nikamuuliza wifi, akasema ni mtu mmoja na kitenge kimoja. Huo ukawa wa tano.

Lakini tahadhari. Kulikuwa na mteja mwingine mwenye mistari miwili, siku ileile, 20,000 na 20,000. Huyo namba zake za muamala zilikuwa tofauti: alinunua asubuhi, akarudi jioni kumchukulia mama yake. Hiyo ni mauzo mawili halali. Ndiyo maana sipendi kile kitufe cha kufuta vilivyojirudia kwa mkupuo. Ukikiambia kiangalie mteja, tarehe na pesa tu, kitakufutia mauzo ya kweli. Nami sifuti moja kwa moja, nahamishia mstari kwenye ukurasa mwingine niliouita "Vilivyotolewa," ili nikikosea niurudishe.

Nikatoa mistari mitano. Ikabaki 19, jumla 380,000. Ondoa ile 20,000 ya mkopo, keshi na miamala inakuwa 360,000. Ndiyo pesa ileile aliyonitumia, hata mia haijapungua.

Nilimpigia nikaomba radhi. Akacheka, akasema, "Yameisha wifi." Lakini mimi sikulala vizuri.

3. Vilivyochelewa

Tarehe 3 Juni zile picha na pesa za Nyakahura zikafika. Vitenge viwili, vimeuzwa tarehe 30 Mei, pesa 40,000. Je, ni mauzo ya Mei au ya Juni?

Ni ya Mei. Mauzo ni ya siku yalipofanyika, hata kama habari imekuja baadaye. Ukiyapeleka Juni, Mei itaonekana mbaya kuliko ilivyokuwa, Juni itaonekana nzuri kupita kiasi, nawe utaagiza mzigo mkubwa wa Julai kwa furaha ya bure. Ndiyo kazi ya kuwa na tarehe mbili. Ukitoa A kwenye B unapata siku za kuchelewa:

```
=B2-A2
```

Likitokea jibu la ajabu kama tarehe, badilisha muundo wa kisanduku uwe namba. Niliipitia miezi mitatu ya nyuma: mingi inafika ndani ya siku mbili, uliochelewa kuliko yote ulichukua siku nne. Kwa hiyo siku hizi sifungi mwezi tarehe 1, nafunga tarehe 5 jioni. Wewe usichukue tarehe yangu, pima ucheleweshaji wako mwenyewe kwanza.

Na kama kitu kikifika tarehe 9? Nakiandika kwa tarehe yake ya kweli ya kuuza, kisha naongeza mstari kwenye ripoti: "Marekebisho, tarehe 9 Juni, pisi moja imeongezeka." Sibadilishi namba kimyakimya, maana mwenzangu anayo ile ya zamani.

Kwa sisi wa mpakani kuna jambo dogo la ziada. Burundi na Rwanda saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiwa Kabanga au Rusumo simu inaweza kushika mtandao wa ng'ambo na saa ikajibadilisha. Oda iliyoingia saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1 itaonekana ya tarehe 31. Kwa malipo ya simu fuata tarehe na saa iliyoandikwa ndani ya meseji ya muamala, siyo ile ambayo simu imeiweka juu ya ujumbe. Au zima saa ya kujibadilisha yenyewe, uchague saa za Afrika Mashariki.

Kipimo cha mwisho: mzigo wenyewe

Formula zote hizo zinakagua kilichoandikwa. Kitenge kilichouzwa kikasahaulika kuandikwa haziwezi kukiona. Hapo unahesabu mzigo. Wifi alianza Mei na pisi 30, na usiku wa tarehe 31 zilibaki 9. Kwa hiyo zimetoka 21. Faili langu: 19 na 2 za Nyakahura, 21. Hapo ndipo nikaamini. Kuhesabu mzigo hakukwambii nani alinunua wala nani hajalipa, na kama bei yako inapungua kwa mapatano hakutakwambia pesa. Kunakwambia tu kama kuna mstari unaokosekana au uliozidi.

Ripoti niliyomtumia wifi ilikuwa fupi:

*Mei, Biharamulo. Imefungwa tarehe 5 Juni saa 12 jioni. Pisi 21, mauzo 420,000. Pesa iliyopokelewa 400,000, mkopo 20,000. Mistari 5 iliyojirudia imetolewa. Haijulikani: hakuna.*

Kwa hiyo mfuatano ni huu: subiri vilivyochelewa, jaza vilivyokosekana, toa vilivyojirudia, hesabu mzigo, ndipo utume. Na simu ya kumuuliza mtu pesa iko wapi ipige baada ya hapo.