Mti wa Maamuzi: Mfano wa Kanga Mpya Kariakoo

Mwanachuo anayekutana na mti wa maamuzi kwa mara ya kwanza hujifunza upesi kuuchora, lakini hukwama anapotakiwa kuukokotoa. Shida yaanzia hapa: mti huchorwa kutoka kushoto kwenda kulia, ilhali hesabu yake huanzia kulia na kurudi kushoto. Katika makala haya tutafuata mfano mmoja wa kubuni, hatua kwa hatua.

Tumchukue mfanyabiashara wa kanga mwenye duka Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Anayo nakshi mpya: pindo, mji na jina vimekwisha kupangwa. Ili apate bei nafuu kiwandani, yampasa aagize doti 1,000 kwa shilingi 10,000 kila doti. Wanunuzi wakiipenda, atauza doti kwa shilingi 14,000 na kupata faida ya 4,000,000. Wasipoipenda, itambidi aiuze kwa 7,000 ili aokoe sehemu ya mtaji, naye atapata hasara ya 3,000,000. Kwa uzoefu wake, katika kila nakshi mpya 100, zipatazo 50 hupendwa.

Ubaoni tuchore mraba mahali mwenye duka anapochagua: achape au asichape. Mwisho wa tawi la kuchapa tuchore duara, kwa kuwa hapo si yeye tena anayechagua, bali soko. Katika duara tunazidisha kila tokeo kwa uwezekano wake, kisha tunajumlisha. Katika mraba tunachukua tawi lenye thamani kubwa na kulikata jingine. Mwanachuo anayetafuta wastani kwenye mraba amemfanya mwenye duka arushe sarafu badala ya kufikiri.

Thamani tarajiwa ya kuchapa ni hii:

0.5 × 4,000,000 − 0.5 × 3,000,000 = 500,000

Kutochapa ni sifuri. Basi kuchapa kwaonekana bora. Lakini tuangalie: hakuna siku ambayo mtu huyu atatia mfukoni shilingi 500,000 kwa nakshi hii. Atapata milioni 4 au atapoteza milioni 3. Laki tano ni wastani wa kuurudia uamuzi kama huu mara nyingi, na yafaa wanafunzi waambiwe hivyo mapema.

Sasa tuongeze tawi la tatu. Mwenye duka aweza kwanza kuchapisha doti chache za sampuli, azioneshe wateja wake wa jumla watokao mikoani, kwa gharama ya shilingi 300,000. Wateja hao nao hukosea. Tuseme katika nakshi 50 ambazo soko lingezipenda, wao husifu 40. Na katika 50 ambazo soko lingezikataa, husifu 10.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wao huandika kwamba sampuli ikisifiwa, uwezekano hubaki 0.5, kana kwamba hakuna kilichojulikana. Tunashauri mwalimu asianze na kanuni, bali na mbegu 100 mezani: 50 za maharage na 50 za mahindi. Tenga zilizosifiwa, yaani maharage 40 na mahindi 10. Kundi hili lina mbegu 50, na 40 kati yake ni nakshi njema. Kwa hiyo uwezekano sasa ni 0.8. Katika kundi lililobaki, nakshi njema ni 10 kati ya 50, yaani 0.2.

Turudi kulia kabisa mwa mti. Sampuli ikisifiwa, kuchapa kuna thamani ya 0.8 × 4,000,000 − 0.2 × 3,000,000 = 2,600,000. Isiposifiwa, hesabu hiyohiyo hutoa hasara ya 1,600,000. Basi tunakata tawi hilo na kuandika sifuri, kwani mwenye duka ataacha kuchapa. Makundi yote mawili yana nafasi sawa, hivyo:

0.5 × 2,600,000 + 0.5 × 0 − 300,000 = 1,000,000

Kupima kwanza kumezidi kuchapa moja kwa moja kwa shilingi 500,000. Na gharama ya sampuli ingefika 800,000, faida hiyo ingetoweka.

Yafaa pia kuutikisa mti kwa kubadili kisio. Tukisema ni nakshi 40 tu kati ya 100 zinazopendwa, kuchapa moja kwa moja kwageuka hasara ya 200,000. Njia ya sampuli, wateja wakibaki na umahiri uleule, bado hutoa 620,000. Kwa hiyo ushauri wa kupima haukutegemea sana kisio la kwanza, ilhali ule wa kuchapa mara moja uliegemea juu yake kabisa.

Limebaki jambo moja ambalo mti hauoni. Hata kwa njia iliyo bora, kwa kisio letu la kwanza, mara 10 katika 100 sampuli itasifiwa na soko litaikataa nakshi, naye mwenye duka atapoteza shilingi 3,300,000. Mwenye maduka matatu atalivumilia hilo. Aliyekopa mtaji wote, na ambaye hasara moja yatosha kulifunga duka lake, hana nafasi ya kurudia mara nyingi ili wastani umfikie. Huyo akikataa nakshi ambayo hesabu imeikubali, mwalimu asimwandikie kosa.