Picha Iliyookotwa Mtaani: Namna ya Kumrudishia Mwenyewe Bila Kuwataja Waliomo

Miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma hupeperusha karatasi nyingi, na baadhi yake ni picha. Tuchukue mfano wa mama muuza mboga katika Soko la Majengo ambaye jioni, akikunja turubai lake, anaokota picha ya rangi yenye ukubwa wa postikadi. Ndani yake wamo watu sita waliosimama mbele ya nyumba, na katikati yupo binti aliyevaa sare ya shule na shada la maua shingoni. Hamjui hata mmoja wao. Kijana aliye karibu anashauri picha ipigwe kwa simu na kutumwa katika kundi la WhatsApp la mtaa, iandikwe: “Nani anawafahamu hawa?” Ushauri huo ni wa nia njema, lakini ndiyo njia isiyofaa kuliko zote.

Swali la kijana huyo linawaomba watu mamia wataje majina ya watu sita ambao hawakuulizwa. Huenda mmoja wa wanawake wale alihama na hapendi ndugu wa upande fulani wajue aliko. Huenda mmoja wa waliosimama amefariki, na picha yake ikaanza kuzungushwa kabla ya arobaini. Binti amevaa sare yenye nembo, na nembo hiyo humwonesha mtu yeyote shule anakosoma. Tena majibu yenyewe hayaaminiki. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma, mitaa imepokea wageni wengi, na mtu anayesema “huyu ni mtoto wa fulani” mara nyingi anakisia kwa kufananisha sura. Likishatajwa jina lisilo sahihi, kulifuta ni kazi ngumu kuliko kuirudisha picha.

Sheria nayo inagusa jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa zinazomhusu mtoto miongoni mwa taarifa nyeti. Ofisi ya mtaa inayobandika ukutani picha ya mwanafunzi, hata kwa lengo la kumtafuta mzazi, inafanya jambo ambalo ingeweza kuliepuka kwa urahisi.

Mahali pa kuanzia ni nyuma ya picha, si mbele. Jina la kampuni lililochapwa kwa rangi hafifu na kurudiwarudiwa mgongoni ni jina la mtengenezaji wa karatasi tu. Halisemi picha ilisafishwa wapi. Kinachofaa ni muhuri wa studio, ambao kwa kawaida hugongwa pembeni, na mstari wa tarakimu uliochapwa na mashine au kuandikwa kwa penseli. Mwenye picha atafutwe na studio yenyewe: mama muuza mboga, au mtendaji wa mtaa kwa niaba yake, anafika studio, anaonesha muhuri na namba, na anaomba mwenye studio ampigie mteja wake simu. Haombi jina la mteja wala namba yake. Ujumbe unamfikia mwenyewe, na aliyeokota anabaki hamjui. Njia hii ina mpaka wake: studio nyingi hazihifadhi madaftari ya miaka ya nyuma, na picha ndogo za pasipoti, kwa kuwa hukatwa kutoka karatasi kubwa, mara nyingi hazina muhuri wowote.

Kama studio haikusaidia, hufuata tangazo. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kueleza mno. Tangazo linalosema “imeokotwa picha ya watu sita, binti wa katikati ana shada la maua” limekwisha kumpa kila msomaji majibu ambayo mwenyewe alipaswa kuyatoa. Tangazo la kufaa laweza kuwa hivi: “Imeokotwa picha moja ya karatasi katika Soko la Majengo, Jumamosi jioni. Imehifadhiwa Ofisi ya Mtaa. Aliyepoteza picha afike saa za kazi aeleze ilivyo, mbele na nyuma.” Mambo yaliyofichwa, yaani idadi ya watu, sare, namba ya nyuma na kona iliyokunjika, ndiyo yatakayomthibitisha.

Anapofika mtu, aulizwe swali lililo wazi: “Tueleze picha yako.” Asiulizwe, “Je, kuna binti mwenye sare?” kwa sababu hapo jibu liko ndani ya swali. Katika mfano wetu, wa kwanza kufika anasema ni picha ya familia, wamesimama nje. Maelezo hayo yanalingana na nusu ya picha zilizoko Dodoma, na anapoombwa aendelee hana la kuongeza. Siku ya tatu anafika bibi mmoja. Anasema kona moja ilikunjika akiwa ameiweka ndani ya leso, kwamba nyuma kuna tarakimu za penseli, na kwamba mlangoni nyuma ya watu kuna pazia la kijani. Bibi huyo mwenyewe hayumo katika picha, na hilo si kasoro. Mwenye picha ni aliyekuwa nayo, si lazima awe miongoni mwa wanaoonekana. Kwa sababu hiyohiyo, si salama kumpelekea picha mtu kwa kuwa tu sura yake imeonekana humo. Huenda aliitoa kwa mtu mwingine, na watu wa nyumbani kwake hawajui.

Lipo jaribu jingine. Mtu asiyehusika anaiona picha mezani na kusema, “Huyu namjua, namba yake ninayo.” Mtendaji hakubali wala hakatai. Anamjibu kwamba anayedhani amepoteza picha aambiwe afike ofisini, kisha anairudisha picha ndani ya bahasha, mahali ilipopaswa kuwa tangu mwanzo. Kama nyuma kumeandikwa majina, bahasha huyaficha hayo pia.

Bahasha inaikinga picha yenyewe vilevile. Vumbi liondolewe kwa brashi laini au kitambaa kikavu, picha ikishikwa kingoni. Isipanguswe kwa maji wala mate: picha iliyosafishwa maabara kwa dawa huweza kustahimili maji kiasi, lakini iliyotolewa na printa ya wino huweza kuvuja rangi papo hapo, na kwa macho si rahisi kuzitofautisha. Iliyolowa ikauke kivulini, uso juu, peke yake, kwani picha mbichi zikigusana hugandana na kubanduka na sura za watu. Iliyochanika isiunganishwe kwa selotepu. Vipande viwekwe pamoja bahashani.

Bibi anapokabidhiwa anataja mwenyewe majina ya waliomo, mmoja baada ya mwingine, kama wafanyavyo wazee. Mtendaji anamsikiliza, lakini hayaandiki. Daftarini yanaingia haya tu: picha moja ya rangi, ukubwa wa postikadi, kona moja imekunjika, iliokotwa sokoni, imechukuliwa na aliyeipoteza, tarehe na saini. Mama muuza mboga anaarifiwa kwamba picha imekwisha kuchukuliwa. Akiuliza ilikuwa ya nani, anajibiwa kwamba ilikuwa ya mwenyewe.