Mgeni Anaposema Kitu Chake Hakionekani

Barua iliyotufikia kutoka Kibiti imeandikwa na mwanamke atandikaye vyumba katika nyumba ya kulala wageni iliyo kando ya barabara ya Lindi, nyumba ya namna ile ambayo wasafiri wanaoshuka botini Nyamisati wakitoka Mafia hulala usiku mmoja ili wadiriki basi la asubuhi. Mgeni mmoja alifika mapokezi kulipopambazuka, mkoba begani, akasema simu yake haionekani chumbani. Mwenye nyumba alipoitwa, kabla ya kuuliza neno lolote, alimwelekezea kidole mwanamke yule mbele ya watu akasema, “Huyu ndiye aliyeingia,” na haikufika adhuhuri mwanamke alikuwa amekwisha kutia sahihi karatasi ya kukubali kulipa shilingi 480,000, yaani bei iliyotajwa na mgeni kwa kinywa chake. Mshahara wake ni shilingi 160,000. Mwezi wa kwanza umekwisha naye hajapewa hata senti, na sasa anauliza kama sahihi ile imemfunga.

Tumjibu bila kumzungusha: sahihi peke yake haitoshi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaruhusu mshahara ukatwe kwa deni ambalo mfanyakazi amelikubali kwa maandishi, lakini mara moja kinaiwekea ruhusa hiyo masharti pale deni linapokuwa fidia ya hasara. Hasara iwe imetokea kazini na kwa taksiri ya mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri awe amemwandikia sababu ya deni, kiasi chake na jinsi kilivyohesabiwa. Mfanyakazi awe amepewa nafasi ya haki ya kukipinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kwa mwandishi wa barua robo hiyo ni shilingi 40,000, kwa hiyo hata kama kosa lingekuwa lake bila shaka yoyote, mshahara mzima kuchukuliwa ni dhuluma. Na kosa lenyewe halikuthibitishwa na yeyote: kuingia chumbani ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na simu iliyotumika miaka kadhaa haina thamani ya simu mpya dukani.

Mtego wenyewe, hata hivyo, haukutegwa katika karatasi ile, bali katika maneno ya kwanza yaliyosemwa mapokezi, na tumeona mara nyingi kwamba hapo ndipo wenye nyumba za wageni wanapojiponza wao wenyewe pamoja na wafanyakazi wao. Wako wanaomjibu mgeni kwa kumwonyesha kibao cha ukutani kisemacho kwamba mali ni dhamana ya mwenyewe, jibu ambalo mgeni hulisikia kama kuambiwa kwamba ni mwongo; na wako, kama huyu wa Kibiti, wanaotaka kumridhisha mgeni kwa kumtoa mtumishi kafara. Wa kwanza anamtuhumu mgeni, wa pili anamtuhumu mfanyakazi, na wote wawili wamehukumu kabla hawajajua kama kitu kimeibwa, kimesahauliwa botini, au kimeteleza kati ya godoro na ukuta pale chandarua kinapochomekwa.

Jibu lenye insafu ni fupi, na laweza kutolewa na kijana yeyote wa mapokezi: “Pole sana, mzee wangu. Nimekuelewa kwamba simu yako huioni tangu ulipoamka. Tutaandika sasa hivi maelezo yako kama unavyoyasema, chumba kisiguswe, kisha tukitazame pamoja nawe. Isipoonekana, nitakupa nakala ya maelezo uende nayo polisi, na leo kabla ya saa kumi nitakupigia kwa namba utakayotuachia nikueleze tulichokipata.” Hapana neno “wizi” ndani yake, wala “una hakika?”, wala jina la mtu, wala ahadi ya kulipa, kwa maana ahadi ya kulipa iliyotolewa kwa haraka ndiyo ambayo kesho hutafutiwa mtu wa kuibeba.

Maelezo hayo na yaandikwe katika kitabu: saa, kitu chenyewe na alama zake, mara ya mwisho alipokiona, ni nani aliyemtembelea, na funguo za chumba kile zilikuwa kwa nani, ule wa akiba ukiwamo. Mgeni asomewe, atie sahihi. Upekuzi wa chumba ufanywe naye akiwapo pamoja na wafanyakazi wawili, na mkoba wake aufungue mwenyewe kwa hiari yake. Ama wafanyakazi, mwenye nyumba hana mamlaka ya kuwavua nguo wala kuwapekua kwa nguvu; upekuzi wa namna hiyo ni kazi ya polisi kwa mujibu wa sheria, na mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenziwe, kwa staha. Wala mtu asitishwe kwa halbadiri au kupelekwa kwa mganga ili hofu yake ihesabiwe kuwa ushahidi. Anayemwita mwenzake mwizi mbele ya watu bila ushahidi aweza kushitakiwa kwa kashfa.

Kituoni aende mgeni mwenyewe, kwa kuwa mali ni yake, na kama ni simu atafute namba ya IMEI iliyo kwenye boksi lake au risiti. Namba ya RB hailipiwi. Askari anayedai fedha ya mafuta ya pikipiki ndipo afike kuona chumba anaomba rushwa, na aombwe jina lake liandikwe katika kitabu kile kile. Wengi hupungukiwa na kiu ya mafuta wanapoiona kalamu.

Mwenye nyumba atauliza: basi hasara ni ya nani? Hapa ndipo sheria yenyewe inapostahili lawama. Wajibu wa mwenye nyumba ya wageni kwa mali ya mgeni umetokana na sheria ya kimila ya Waingereza, tuliyoirithi kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na kwa asili yake wajibu huo ni mzito: mwenye nyumba huwajibika isipokuwa hasara imetokana na uzembe wa mgeni au kudra ya Mungu, wala kibao cha kawaida cha ukutani hakitoshi kumwondolea. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, lakini kanuni hii ingali imelala ndani ya hukumu za Kiingereza, na mwenye vyumba vinane Bungu au Ikwiriri hakuambiwa na yeyote kwamba hatari hiyo ni ya biashara yake. Asipoijua, humshushia aliye chini yake kabisa.

Nawe uliyetuandikia, mwandikie mwajiri wako barua ya kuyapinga makato, ubaki na nakala iliyopokewa kwa sahihi na tarehe. Asiporekebisha, jaza fomu namba moja ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Na akikufukuza kwa ajili ya madai haya, muda wako ni siku 30 tu. Watu wengi wenye haki wamerudishwa mlangoni kwa kuchelewa, huku wakisubiri mwajiri aone huruma.